Kamera ya dashibodi kwenye IST: uzoefu wangu na betri gari likiwa limeegeshwa

Nimefunga kamera ya dashibodi kwenye Toyota IST yangu, pamoja na kile kifaa cha nyaya kinachoiunganisha na boksi la fyuzi ili irekodi hata gari likiwa limezimwa. Picha ni safi, na mchana namba ya gari la mbele inasomeka vizuri. Lakini raha au karaha ya kamera hizi iko kwenye ufungaji.

Kifaa kina nyaya tatu. Mweusi unabanwa kwenye nati iliyoshika bodi. Wa njano, ulioandikwa BAT, unataka fyuzi yenye moto muda wote. Mwekundu, ulioandikwa ACC, unataka fyuzi inayopata moto ukiwasha ufunguo tu, kama ile ya soketi ya kuchajia simu. Fundi wa kwanza aliuunganisha wa njano na mwekundu kwenye fyuzi moja ya moto wa kudumu. Kamera iliwaka, akachukua hela yake akaondoka. Nilipozima gari, ikaendelea kurekodi kana kwamba bado niko barabarani, maana waya wa ACC ndio unaoijulisha kuwa gari limezimwa. Kwa hiyo ukichomoa ufunguo na skrini isionyeshe Parking Mode, mrudishe fundi hapo hapo. Wa pili alipima kila fyuzi kwa mita, ufunguo ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa, na zile za eabegi na ABS hakuzigusa kabisa.

Sasa betri. Yangu ni ndogo, Ah 35. Tulipoipima, kamera ilikuwa inavuta ampea 0.3 gari likiwa limelala. Usiku mmoja wa saa 12 ni Ah 3.6, hakuna neno. Ila ukiegesha Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, saa 60, ni Ah 18, zaidi ya nusu ya betri!

Kifaa kina swichi ya kukata umeme volti zikishuka, na changu kilikuja kimewekwa 11.8. Kwa gari dogo hiyo ni hatari. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikifika 12.0 imebaki takriban robo, na stata inaweza kugoma. Nimeiweka 12.4, na Jumatatu gari linawaka bila kusuasua.

Gharama yake ni kwamba siku nyingine kamera inajizima kabla ya alfajiri, hasa nikiwa nimeendesha safari fupi za foleni ambazo hazimpi altaneta muda wa kujaza betri. Betri iliyochoka itakata mapema zaidi, kwa hiyo ipimwe kabla ya kulaumu kamera. Anayetaka ulinzi wa usiku kucha anunue betri ya pembeni ya kamera, inayochajiwa gari likitembea. Bei yake imechangamka, lakini mimi nimeshaanza kuiwekea akiba.