Miezi mitatu na Google Sheets: uzoefu wangu wa kujifunza kusafisha data hadi kulipwa

Nilipoamua kujipa miezi mitatu kujifunza ujuzi mmoja wa bure mtandaoni, nilikuwa na vitatu mezani: kutengeneza tovuti, usanifu wa picha, na kusafisha data kwenye lahajedwali. Jioni mbili nzima nilisoma matangazo ya kazi ndogondogo kwenye majukwaa ya wafanyakazi huru, na kila tangazo nililiuliza swali moja: mteja ataijuaje kazi kwamba imekamilika? Kwenye picha, mteja anaamua kwa jicho lake, na mgeni asiye na kazi za kuonyesha hana cha kujitetea. Kwenye tovuti, hata matangazo madogo yalidai vitu vinne au vitano kwa pamoja. Kwenye data, tangazo lilisema: orodha hii ina majina yanayojirudia, tarehe zimechanganyika, nirudishieni ikiwa safi. Kazi ya namna hiyo inahesabika. Nikachagua hiyo, na chombo nikachagua Google Sheets kwa sababu kinahitaji akaunti ya bure tu, na faili linalotoka humo linafunguka kwenye Excel ya mteja.

Masomo ya mwanzo niliyapata kwenye tovuti ya GCFGlobal, ambako kozi za lahajedwali ni za bure. Ni mazuri kwa wiki mbili za kwanza: seli, kupanga, kuchuja, fomula za kujumlisha. Baada ya hapo nilihamia kwenye kurasa za msaada za Google zenyewe, fomula moja kwa siku. Kwenye simu nilisoma tu. Kuandika fomula ndefu kwa kidole na kuvinjari mistari elfu moja kwenye kioo kidogo kulinishinda, na sitamshauri mtu aanze safari hii bila kompyuta, hata ya kuazima.

Kosa langu la mwezi wa kwanza lilikuwa kufanyia mazoezi data safi. Nilipakua majedwali kutoka Benki ya Dunia, nikachora chati, nikajiona nimeiva. Data zile zimeshasafishwa na watu wengine, kwa hiyo sikujifunza chochote ambacho mteja analipia. Mambo yalibadilika nilipoandika mwenyewe orodha ya watu 300 wa kubuni na kuichafua kwa makusudi: nafasi mbili kati ya majina, namba za simu zenye vistari, tarehe za mitindo mitatu, watu walewale mara mbili kwa tahajia tofauti. Wiki moja ya kuisafisha orodha hiyo ilinifundisha kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Katika mazoezi hayo hayo nilipanga safu moja ya majina kwa alfabeti bila kuchagua safu nyingine. Majina yakahama, simu zikabaki palepale. Hakuna onyo jekundu linalotokea, jedwali linaonekana nadhifu kabisa, ila kila mtu sasa ana simu ya mwenzake. Niligundua kwa sababu nilikuwa nimekariri mstari wa kwanza. Kilichoniokoa ni File > Version history > See version history, ambapo unarudi kwenye hali ya faili kabla ya kosa. Kama kuna sababu moja ya mwanafunzi kuanzia Google Sheets, kwangu ni hiyo. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa chochote, naongeza safu ya kwanza yenye namba 1, 2, 3 hadi mwisho, ili mstari wowote niweze kuurudisha mahali pake.

Kazi ya kwanza ya kulipwa ilikuja wiki ya kumi na moja. Mteja alikuwa na orodha ya wateja wake yenye mistari 1,860, iliyounganishwa kutoka mafaili matatu. Alitaka kila mtu aonekane mara moja, akiwa na simu na tarehe ya kujiunga. Kabla ya kutaja bei nilimwomba mistari 50 ya kati, si ya juu, kwa sababu mistari ya juu mara nyingi ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu. Nikaisafisha nikiwa na saa, nikazidisha, nikaongeza theluthi ya muda kwa yasiyotarajiwa. Theluthi hiyo iliisha yote.

Jaribio langu la kwanza la kuingiza faili liliharibu tarehe. Faili la mteja liliandika siku kwanza, kisha mwezi. Faili langu lilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Kwa hiyo 04/03, yaani tarehe nne Machi, ikageuka Aprili 3 kimyakimya, ilhali 25/03 ilibaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Dalili yake ni rahisi ukiijua: tarehe halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi hujipanga kushoto. Ukiona safu moja ya tarehe imegawanyika, nyingine kulia na nyingine kushoto, usikimbilie kurekebisha zile za kushoto. Hizo ndizo salama. Zilizoharibika ni za kulia, zile zinazoonekana sawa.

Nililifuta lote nikaingiza upya kupitia File > Import, safari hii nikiondoa tiki kwenye Convert text to numbers, dates, and formulas. Kila kitu kikaingia kama maandishi, pamoja na sufuri za mwanzo za namba za simu ambazo kwa kawaida hupotea. Kisha nikajenga tarehe mwenyewe, kwa kuwa zote zilikuwa na tarakimu mbili za siku, mbili za mwezi na nne za mwaka:

```
=DATE(RIGHT(D2,4),MID(D2,4,2),LEFT(D2,2))
```

Simu zilihitaji akili zaidi. Mtu mmoja aliandikwa kwa msimbo wa nchi mahali pamoja, kwa sufuri mahali pengine, na kwa nafasi katikati mahali pa tatu. Macho yanaona namba moja, lahajedwali linaona tatu. Katika orodha ile, tarakimu tisa za mwisho zilitosha kumtambulisha mtu, basi niliondoa kila kisicho tarakimu na kubakiza tisa hizo:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(B2,"\D",""),9)
```

Mistari 37 ilitoa takataka. Nilipoitazama safu ya asili nikakuta kitu kama 9.87654E+11. Hapo mtu aliwahi kuifungua orodha kwenye Excel, ambayo huonyesha namba ndefu kwa mtindo huo wa kisayansi, kisha akaihifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu. CSV ilihifadhi kilichoonekana kwenye kioo, na tarakimu za mwisho zikapotea. Hakuna fomula inayozirudisha. Nilipoteza saa nzima nikijaribu, na sasa najua kuwa jibu la kitaalamu ni kumwambia mteja: hizi 37 zimepotea kabla hazijanifikia, tafuta faili la asili.

Kwa wanaojirudia, kwenye mazoezi nilikuwa nimezoea COUNTIF, inayohesabu namba imetokea mara ngapi. Kwenye mistari 1,860 inafanya kazi vizuri. Nilipoijaribu baadaye kwenye mistari 40,000 faili lilikwama, na hesabu yake inaeleza kwa nini: kila mstari unalinganishwa na mistari yote, yaani mara 1,600,000,000. Google Sheets inaruhusu seli milioni 10 kwa faili, lakini utaona uzito mapema sana kabla ya kufika huko. Njia nyepesi ni kupanga jedwali zima kwa safu ya simu iliyosafishwa, kisha kuuliza kila mstari kama unafanana na wa juu yake:

```
=C2=C1
```

TRUE maana yake anajirudia. Ukipanga upya baada ya hapo majibu yatabadilika, kwa hiyo nakili matokeo na uyabandike kama thamani tupu, si fomula.

Hapa ndipo nilipokosea mbele ya mteja. Nilitumia Data > Data cleanup > Remove duplicates kwa safu ya simu pekee, nikatuma. Akajibu siku hiyohiyo: “Mbona mke na mume wanaotumia simu moja umemfuta mmoja? Na huyu mwingine umeniachia mstari usio na anwani, wakati mstari wake wa pili ulikuwa nayo.” Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Chombo kile hubakiza mstari wa kwanza kinaokutana nao, kiwe kimejaa au kitupu. Nilirudi kwenye faili la asili, ambalo kwa bahati nilikuwa sijaligusa, nikafanya kwa mkono: simu moja yenye jina moja, naunganisha taarifa, simu moja yenye majina mawili, naweka alama na kumuuliza mwenye orodha.

Nilichotuma mara ya pili kilikuwa na kurasa tatu: ya asili, safi, na ya maamuzi, ambapo kila nilichofuta kimeandikwa pamoja na sababu. Juu kabisa niliweka hesabu: watu 1,412, waliojirudia 411, waliopotea namba 37, jumla 1,860. Mteja alijumlisha mwenyewe, akalipa, na wiki mbili baadaye akaleta orodha nyingine. Baada ya kukabidhi nilifuta nakala yangu, maana zile ni simu za watu.

Kama chombo cha kujifunzia naipa Google Sheets alama nne kati ya tano. Nimeipunguzia moja kwa uzito wake kwenye mafaili makubwa, na kwa jinsi inavyogeuza tarehe bila kuuliza. Hailazimishi intaneti muda wote, ukiwasha matumizi nje ya mtandao kwenye Chrome mapema. Miezi mitatu, saa moja na nusu kwa siku, ilinitosha kwa kazi za orodha. Haikunitosha kwa kazi za uchambuzi. Matangazo yanayotaja SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, bado nayapita, na SQL ndiyo ninayoanza kusoma sasa. Kwa anayeanza leo, ningemwambia aiache chati kabisa hadi mwezi wa tatu, na VLOOKUP, fomula ya kutafuta taarifa kwenye orodha nyingine, aijifunze wiki ya nne akiandika FALSE mwishoni kila mara. Bila neno hilo fomula huchukulia kwamba orodha imepangwa, na isipokuwa imepangwa inaweza kukupa jibu la mtu mwingine bila kuonyesha kosa lolote.