TAHADHARI: Muuza "sarafu ya Kirumi ya 1780" anayekataa kupiga picha ya ukingo

Ndugu zangu mnaonunua sarafu za kale kwa kuangalia picha, naomba msome hili mpaka mwisho kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote. Nimetapeliwa. Aliyenitapeli bado anaweka matangazo kwa picha zilezile mbili, anabadilisha jina tu.

Tangazo lilionyesha sarafu kubwa nyeupe, na picha mbili. Picha ya kwanza ilikuwa na mwanamke wa umri mkubwa, amejifunika ushungi, anatazama kulia. Ya pili ilikuwa na tai mwenye vichwa viwili aliyebeba ngao kifuani. Muuzaji alisema haijui vizuri, ameirithi, ila "mtaalamu" mmoja amemsomea maandishi. R. IMP. eti ni Dola ya Kirumi. Herufi S.F. chini ya kifua cha yule mama eti ni kifupi cha Kiingereza cha "fedha safi". Alama ya X iliyofuata mwaka 1780 eti ni namba kumi ya Kirumi, yaani ni sarafu ya kumi kutengenezwa, kwa hiyo ni adimu mno.

Maelezo yote matatu ni ya uongo, na angetokea mtu wa kuyasoma maandishi yale taratibu angeligundua hilo pale pale. Mimi niliyasoma nikiwa nimeshalipa.

Upande wa sura pameandikwa M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Hicho ni Kilatini kilichofupishwa: Maria Theresia, kwa neema ya Mungu, malkia mkuu wa Warumi, malkia wa Hungaria na Bohemia. Hao "Warumi" si wale wa kale wa akina Kaisari. Ni Dola Takatifu ya Kirumi ya Ulaya ya kati, ambayo mumewe alikuwa mfalme wake mkuu. Mume huyo alifariki 1765, na ndiyo maana kwenye picha mama amevaa ushungi wa mjane. Upande wa tai maandishi ni ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR. 1780, maana yake mtawala wa Austria, wa Burgundi na wa Tiroli. Ile V katika AVST ni U tu kwa uandishi wa Kilatini. Alama ya X si namba, ni msalaba wa Burgundi, na ilianza kuwekwa kwenye sarafu zake tangu 1750. S.F. nazo ni herufi za mwanzo za majina ya maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby. Haziongelei ubora wa madini hata kidogo.

Kwa hiyo sarafu iliyo kwenye picha inajulikana vizuri sana. Ni thala ya Maria Theresia. Ilizunguka Uarabuni, Ethiopia na pwani yetu kwa vizazi, na huko Zanzibar ilikuwa miongoni mwa reale, yaani sarafu kubwa za fedha, zilizotumika sokoni kabla rupia haijashika nafasi yake.

Hapo ndipo mtego wa kwanza unapokaa, na unamnasa hata anayejua kusoma maandishi. Maria Theresia alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikuwa wameizoea sura yake na hawakutaka nyingine, basi viwanda vikaendelea kuipiga sarafu ileile, na mwaka uleule wa 1780 ukabaki juu yake. Vienna waliipiga. Roma waliipiga kuanzia miaka ya 1930 walipopewa ruhusa, London wakafuata, na Bombei wakaipiga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vienna wanaendelea nayo hadi leo. Nakala hizi za kiwandani ni fedha halisi, hazina hila yoyote. Ila mtu akikuambia "tazama mwaka, ina zaidi ya miaka mia mbili", mwaka huo haushuhudii umri. Umegandishwa. Wanaojua kutenganisha viwanda huangalia bruchi, yaani pini ya pambo, iliyo begani mwa mama, wakahesabu lulu zake (za Vienna za siku hizi zina tisa), kisha wakaangalia manyoya ya mkia wa tai. Kazi hiyo haiwezekani kwenye picha iliyopigwa gizani kwa simu.

Mtego wa pili ndio ulionimaliza mimi. Thala halali ina maandishi sehemu tatu, wala si mbili. Ya tatu iko kwenye ukingo. Ukiizungusha vidoleni unakuta IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, kaulimbiu ya Maria Theresia, pamoja na mapambo yanayotenganisha maneno. Herufi hizo zimeinuka, hazikuchimbwa. Unaweza kuzihisi kwa ukucha.

Niliomba picha ya ukingo. Nayanukuu majibu yake kwa sababu atayarudia kwa wengine: "Pembeni hamna kitu, ni pachakavu, pametelezeka." Nikaridhika. Nilifikiri sarafu ya zamani kama ile lazima iwe imelika. Lakini fikirini jambo hili: kwenye picha yake, mkunjo wa ushungi na manyoya madogo ya tai yalionekana wazi. Sura hulika kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosuguliwa kila sarafu inapolazwa mezani. Sarafu yenye sura kali na ukingo uliofutika kabisa, ukingo wake umepigwa tupa.

Na kweli ulipigwa tupa. Mzigo ulipofika nilisimama dirishani nikauelekeza ukingo kwenye jua. Kulikuwa na mikwaruzo midogo sambamba kuzunguka sarafu nzima, na sehemu moja ambapo tupa haikupita vizuri palibaki mstari mwembamba katikati, kama mshono wa chupa ya plastiki. Mstari huo hutokea pale nusu mbili za kalibu ya kumiminia zinapokutana. Sarafu ya kiwandani hupigwa kwa muhuri, haimiminwi, kwa hiyo haina mshono. Anayemimina nakala hulazimika kuukwangua, na kwa kuukwangua hufuta kila kitu cha ukingoni. Ndiyo sababu hawapendi kuupiga picha.

Nilipotazama kwa lenzi nikaona mengine. Uwanja mtupu nyuma ya kichwa ulikuwa na vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Lulu za bruchi zilikuwa zimeungana zikawa donge. Miguu ya herufi ilikuwa ya mviringo, imelainika, wakati herufi iliyopigwa huinuka kutoka kwenye uwanja kwa pembe kali.

Kisha mizani. Thala inapaswa kuwa na gramu 28.07, na upana wa takriban milimita 40. Sarafu ya kutumika hupungua kidogo, hilo nalikubali. Yangu ilikuwa na gramu 23.6 huku upana na unene wake ukiwa sawa kabisa. Gramu nne na zaidi haziliki bila sura kufutika.

Muuzaji alikuwa amenitumia video fupi ya sumaku ikipita juu ya sarafu bila kunasa, kama ushahidi wa fedha. Video ile haithibitishi kitu. Sumaku hunasa chuma na metali nyingine chache tu. Shaba hainaswi na shaba njano hainaswi. Kipimo kinachosema kweli ni cha maji, na hakihitaji zaidi ya mizani ndogo yenye desimali. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ninginiza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha ya thala ni sehemu 833 kwa 1000, iliyobaki ni shaba, kwa hiyo jibu linapaswa kukaribia 10.2. Sarafu nzima ingesukuma kama gramu 2.75. Yangu ilisukuma 2.8, karibu sawa, kwa sababu umbo lao ni moja. Lakini 23.6 ukigawa kwa 2.8 unapata 8.4, na hapo ndipo shaba njano inapokaa. Nilikuwa nimenunua shaba njano iliyopakwa fedha juu.

Swali lililonisumbua ni jinsi picha zilivyoonekana nzuri kuliko sarafu yenyewe. Nilizifungua tena, nikazilinganisha. Picha ya sura ina pengo dogo kwenye kingo, mbele ya uso, usawa wa namba 3 ya saa ya ukutani. Pengo limekata kabisa, si mkwaruzo wa juu. Ukigeuza sarafu kama unavyofunua ukurasa, pengo hilo linapaswa kutokea usawa wa namba 9 upande wa tai. Hata kama aliizungusha wakati wa kupiga picha, lingetokea mahali fulani. Upande wa tai hauna pengo popote. Picha zile ni za sarafu mbili tofauti, na hakuna hata moja kati yake iliyofika kwangu.

Nilimwandikia nikamwonyesha vipimo. Alijibu mara moja, akasema nimebadilisha sarafu mimi mwenyewe, kisha akanizuia. Siku chache baadaye mwenzetu mmoja akanitumia tangazo jipya la "sarafu ya Kirumi, ya kumi kutengenezwa". Mama yuleyule, pengo lilelile mbele ya uso.

Ukikutana nalo, usibishane naye kuhusu bei wala historia. Mwombe picha nne za ukingo, akizungusha sarafu robo kwa robo, na picha ya sarafu hiyohiyo juu ya mizani iliyowashwa, pembeni yake karatasi yenye tarehe ya siku hiyo iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye thala halali anaweza kufanya hivyo kwa dakika tano. Akikuambia pembeni hamna kitu, ameshakujibu.