Mistari imejaa, pesa haiendi: visanduku vya mtandao kwenye jengo letu

Nilitaka kuandika sifa tu. Duka langu la uwakala liko chini ya ardhi Kariakoo, na kwa miaka mtandao ulikuwa wa kuokoteza, maana zege na nondo zinameza mawimbi. Mteja akija kutoa pesa, napanda ngazi na simu mkononi mpaka barabarani. Ukiangalia hali ya laini kwenye simu ilikuwa inasoma -115 dBm, yaani karibu hakuna kitu.

Peke yangu wasingenisikiliza, kwani kampuni ya simu haifungi vifaa kwa ajili ya duka moja. Walikuja pale mwenye jengo alipoandika barua kwa niaba ya wapangaji wote, akakubali kutoa umeme na njia ya nyaya. Wakafunga visanduku vyeupe darini. Wengi wanadhani ni vikuza mawimbi, vile vinavyochukua mawimbi ya mnara wa nje na kuyapaza. Sivyo. Kila kimoja ni mnara mdogo kamili, nguvu yake haifiki hata wati moja, na kila simu inayokishika hupitia waya wake. Simu ikasoma -78. Nilishangilia! (Wenye laini za kampuni nyingine hawakupata chochote, kwa sababu visanduku vinarusha masafa ya kampuni iliyovifunga tu.)

Halafu ikaja ile siku ya mwisho wa mwezi. Foleni imefika mlangoni, mama mmoja anataka kumtumia mwanawe ada, mistari ya mtandao kwenye simu yote imejaa, programu ya uwakala inazunguka tu. Nikapanda barabarani: -98, pesa ikaenda papo hapo. Nikashuka, ikagoma. Nikapiga huduma kwa wateja. "Dada, mtandao hapo kwako umejaa, badilisha simu." Kabla sijamaliza kueleza, akakata!

Fundi alipokuja ndipo nikajua. Visanduku wamevichomeka kwenye laini ileile ya intaneti inayobeba kamera za ulinzi na ofisi za juu. Waya ukikatika kabisa, kisanduku kinatakiwa kujizima ili simu itafute mnara wa nje. Ukilemewa tu, kinaendelea kurusha mawimbi kama kawaida. Mistari inapima hewa kati ya simu na dari, haipimi waya, na simu inang'ang'ania mawimbi yenye nguvu hata kama nyuma yake hakuna njia.

Siwapendekezi hata kidogo. Kufunga minara 8 na kuinyima waya wake ni kutudharau.

Lakini nikikumbuka zile ngazi… asubuhi zote vinafanya kazi vizuri, na wakivipa faiba yao peke yake nitarudi kuwasifu hapahapa. Ila yule wa huduma kwa wateja bado namdai radhi.