PowerPoint au Manim kwa video ya 1 + 3 + 5 + 7 = 4²

Mwanafunzi ataona sababu ya kanuni hii ukimwonyesha kigae kimoja, kisha vigae 3 vikija kukikumbatia kwa umbo la L, halafu 5, halafu 7. Kila mara mraba unabaki mraba.

Kwa PowerPoint unanakili slaidi, unasogeza vigae, unachagua mpito wa Morph, unaovisogeza vigae vyenyewe kutoka slaidi moja hadi nyingine. Ila vigae vinavyofanana huchanganywa, kimoja kikarukia nafasi ya mwenzake. Dawa ni kukipa kila kigae jina lake linaloanza na `!!`, lilelile kwenye slaidi zote mbili.

Manim, maktaba ya kutengeneza video za hisabati kwa msimbo, inadai ujue Python, lakini kigae huenda pale ulipokituma. Kufika 19 badala ya 7, unabadili namba moja tu. Kwa somo la kesho asubuhi, ningeshika PowerPoint.