Nilivyomtungishia dada yangu shairi la daladala la alfajiri

Dada yangu amestaafu mwaka huu. Kwa miaka 22 alikuwa akifanya usafi kwenye ofisi moja Kariakoo, naye anakaa Ukonga Mombasa. Zamu yake ilianza saa 11:30, kwa hiyo saa 10:15 alfajiri alitakiwa awe kituoni, mvua inyeshe isinyeshe. Familia ilipokaa kupanga shughuli ya kumpongeza, wengi walitaka kitenge na sufuria. Mimi nikasema nitamletea shairi la safari ile. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Temeke anayetunga na kughani kwenye harusi na mahafali. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini kazi yake nitaieleza yote, nzuri na mbaya.

Alitaka 60,000, nusu mkononi kabla ya kuanza. Aliniuliza maswali matatu tu: dada anapanda wapi, anashuka wapi, na ana umri gani. Hapo nilipaswa kushtuka, maana maswali hayo ni ya mtu anayejaza fomu.

Baada ya wiki moja akanitumia rasimu. Ilianza hivi:

Jua linapochomoza, ndege waimba mitini,
Upepo wanibembeza, watokea baharini...

Nilihesabu kwa vidole. Kila mshororo mizani 16, nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Vina vya kati -za, vya mwisho -ni. Kwa sheria za arudhi hakuna pa kumshika. Lakini jua likichomoza dada alikuwa ameshapiga deki ghorofa mbili. Na upepo wa bahari uingie wapi, ndani ya kosta iliyojaa hadi mlangoni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi? Nilimsomea dada ubeti ule bila kumwambia ni wa nini. Akauliza, "Huyu anakwenda ufukweni?"

Nikarudi Temeke. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia ukweli kwa adabu: "Mzee, shairi limetimia ila safari haimo." Nilidhani atakasirika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi alfajiri nipo msikitini. Hiyo gari sijaipanda miaka mingi. Nitakwenda kuipanda." Na kweli alikwenda. Siku mbili mfululizo alilala kwa ndugu yake Ukonga, akaondoka na daladala la saa 10 na dakika zake, akiwa na daftari ndani ya mfuko wa kanzu. Daftari hakulitoa hata mara moja, aliniambia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu, imeshika bomba.

Alirudi na kitu ambacho mimi niliyezaliwa njia ile sikuwahi kukisikia. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni akitaja vituo: Banana, Jeti, Tazara, Kamata, Kariakoo. Mzee akavihesabu pale pale. Ba-na-na-Je-ti-Ta-za-ra, nane. Ka-ma-ta-Ka-ri-a-ko-o, nane. Mshororo mzima wa mizani 16, na pumzi inakatika katikati pale pale shairi linapotaka ikatike. Konda hajui arudhi. Ni kwamba anayetaja majina hayo mamia ya mara kwa siku lazima apate mahali pa kuvuta pumzi. Mzee akaufanya mshororo ule kibwagizo, hakuubadilisha hata herufi moja. Kilichobaki, alisema, ni kuweka mishororo mitatu juu yake, ubeti kwa ubeti.

Ubeti wa kelele ndio huu:

Mpiga debe apaza, sauti yake ya chuma,
Konda sarafu aliza, bati kwa ngumi asema,
Na honi yachana giza, ya mbele, nayo ya nyuma,
Banana, Jeti, Tazara, Kamata, Kariakoo!

Ukitaka kuhesabu mwenyewe, kumbuka kwamba ile "m" ya mpiga inasimama peke yake na ni mizani kamili: m-pi-ga-de-be-a-pa-za. Wengi hukosea hapo, wanaona mizani saba. Kwenye "mbele" ni tofauti, "mb" inakwenda pamoja na irabu yake: mbe-le, mbili tu. Lakini ninachokipenda zaidi ni "sarafu aliza". Kila aliyepanda daladala la Dar anaijua sauti ile ya konda kutikisa chenji kiganjani, akikukumbusha nauli kabla hajafungua mdomo. Na "bati kwa ngumi asema" ni kweli tupu, maana dereva haongozwi kwa maneno. Anasikiliza ngumi ya konda kwenye bodi, ndiyo inayomwambia simama au ondoa.

Ubeti wa pili ni wa miili, na huu ndio tuliobishania:

Kiwiko ki ubavuni, cha nani sikitambui,
Mguu uko hewani, pa kuutua sijui,
Jasho la mtu shingoni, na wala halipungui,
Banana, Jeti, Tazara, Kamata, Kariakoo!

Mwanzoni mzee aliandika "Mguu mmoja hewani". Ni maneno ya dada mwenyewe, aliyesimulia kwamba kuna siku aliunyanyua mguu Banana kumpisha mtu na kikapu, akaupatia pa kuukanyagisha Jeti. Lakini hesabu inazidi: m-gu-u-m-mo-ja-he-wa-ni ni tisa. Nilimwomba aache tisa, kwa sababu gari lenyewe limezidisha abiria, na mshororo ukizidi mizani msikilizaji angeuhisi msongamano. Mzee alikataa katakata. Kwake shairi lenye mshororo uliozidi ni guni, na guni haliimbiki: mwenye kughani atajikwaa kwenye silabi ya tisa na kina cha kati kitampita. Akasema pia, "Ukisikia mguu uko hewani, mwingine lazima uko chini. Hiyo mmoja ya nini?" Kwa hoja hiyo nilikubali. Nisichokubali mpaka leo ni "ki ubavuni". Kwenye daladala hakuna mtu anayesema "ki". Limeletwa kuziba pengo la silabi moja, na katika ubeti unaotaka sauti ya watu waliobanana, neno hilo linanuka kitabu.

Mpwa wangu, anayesoma chuo, alipouona ubeti huu alisema mada kama hii ingefaa shairi huru: mistari mifupi na mirefu, maneno yaliyokanyagana. Nimelifikiria sana. Kwa kusoma kimyakimya kwenye simu, ana haki. Lakini sisi tulitaka shairi la kusikilizwa ukumbini na watu wazima 80 wenye sahani mapajani, na hapo vina ndivyo vinavyomshika msikilizaji asipotee.

Sasa ubeti wa uchovu, ambao ndio ulionifanya nisijutie hata shilingi:

Nasinzia niko wima, bomba nimelikumbata,
Tazara gari lagoma, ndotoni nimeshapita,
Wa kando anakoroma, begani amejikita,
Banana, Jeti, Tazara, Kamata, Kariakoo!

Mshororo wa pili ulimfanya dada acheke peke yake. Kabla daraja la juu la Mfugale halijafunguliwa mwaka 2018, pale Tazara ndipo magari yalipokuwa yakisimama taa ziwake na kuzimika mara kadhaa. Watu walilaani foleni ile, lakini dada anasema ndiyo iliyomlaza. Gari likisimama mwili haurushwi huku na kule, na hata aliyeshika bomba hupata usingizi wa dakika kumi. Daraja lilipofunguliwa aliwahi kazini, ila usingizi ule ukaisha. Mzee hakujua habari hiyo, aliandika tu alichosimuliwa kuhusu gari kugoma. Nilipomweleza hakutaka kuongeza ubeti juu ya daraja. Alisema aliyekuwa amesinzia hakuona likijengwa.

Kibwagizo kwenye ubeti huu kinafanya kazi nyingine kabisa, na mzee alikighani kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona. Katika ubeti wa kwanza ni kelele za konda. Hapa ni kelele zile zile zikisikika na mtu aliyelala. Dada aliwahi kuniambia kwamba hajapitilizwa kituo hata mara moja, kwa sababu masikio hayalali: Banana anaisikia kwa mbali, Tazara kwa mbali, ila konda akisema "Kamata" macho yanafunguka yenyewe, maana kinachofuata ni Kariakoo. Na neno lenyewe ni amri. Kamata! Shika mkoba wako, shika watu mabega, anza kusogea mlangoni. Sijui kama mzee aliipanga maana hiyo, nilimuuliza akatabasamu tu.

Siku ya shughuli alifika kwa wakati, kanzu safi, akaghani beti saba bila kusoma. Kufikia ubeti wa tatu, wanawake wa Ukonga walikuwa wanamaliza kibwagizo kabla yake. Hawakufundishwa, walikuwa nacho kichwani kwa miaka. Jirani mmoja anayeuza samaki alipiga meza mara mbili kama konda, na ukumbi mzima ukajua ni "ondoa". Dada alikaa kimya amejifunika mtandio, mabega yanatikisika.

Mapungufu yapo. Kazi niliyoambiwa ya wiki moja ilichukua wiki tatu, na kama nisingerudi Temeke ningepewa shairi la ndege na upepo. Kwa hiyo ukimpa mtunzi yeyote kazi ya aina hii, mwombe apande gari lenyewe kabla hujalipa nusu ya pili, na nauli umpe wewe. Nakala aliyotuandikia kwa mkono ni nzuri, lakini kurekodi sauti hakumo kwenye bei. Tulirekodi kwa simu, na feni la ukumbi limemeza ubeti wa tano karibu wote. Nampa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya rasimu ya kwanza na ile "ki".

Juzi dada ameuliza mbona shairi linaishia asubuhi, kwani kurudi jioni alirudi kwa ndege? Nimempelekea mzee ujumbe. Beti mbili za kurudi ni 15,000, na safari hii ameuliza mwenyewe gari la jioni linapatikana upande gani wa barabara.