Misokoto miwili: Mwanjelwa na Lizboni

Kijana akikamatwa Mwanjelwa, Mbeya, na misokoto miwili ya bangi, njia yake ni ya jinai: mahabusu, kielelezo kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha mahakamani. Nyumbani Tukuyu wanauza ndizi kutafuta nauli ya kufuatilia kesi. Akitiwa hatiani, hatia hiyo inamfuata hata akiomba kazi.

Ureno, tangu Julai 2001, angenyang'anywa bangi na kuitwa mbele ya jopo la watu watatu, si hakimu. Kikomo cha kuhesabiwa mtumiaji ni kiasi cha matumizi ya siku 10, yaani gramu 25 kwa bangi kavu. Asiye mraibu, kwa mara ya kwanza, shauri husimamishwa. Mraibu huelekezwa kwenye matibabu. Bangi haikuhalalishwa (wengi huchanganya hapa). Muuzaji bado anafungwa.

Mwaka 2001 zaidi ya 40% ya wafungwa wa Ureno walifungwa kwa makosa ya dawa za kulevya. Miaka kumi baadaye, karibu 20%. Ila waliongeza matibabu pia. Kulegeza sheria peke yake kusingemtoa mraibu kwenye wizi wa kutafutia dozi.

Mbeya tuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Mwenye kete moja ya heroini ningemwanzishia huko, si mahabusu.