Liva za kutolea tairi la baiskeli linalobana ringi: ipi ununue, ipi uiache

Kama tairi la baiskeli yako linabana ringi, nunua liva tatu za nailoni nene, zenye ncha pana na nyembamba. Kwa waendesha baiskeli wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe hilo ndilo jibu langu. Zipo aina nyingine zinazofaa kwa kazi maalumu, na zipo ambazo nakuomba uziache dukani hata ukipewa bei ya kutupa.

Kwanza tuelewane kwa nini tyubu hutoboka wakati wa kutoa tairi, maana bila hapo huwezi kujua liva nzuri inafananaje. Kwenye ukingo wa tairi, ndani ya mpira, kuna waya usiovutika. Ringi nayo ina kingo mbili zilizoinuka, na katikati yake pana mfereji ulioshuka. Waya ukiwa umekaa pembeni, karibu na kingo, hauna nafasi hata kidogo ya kuruka nje. Ukishushwa mfereji wa katikati kwa upande mmoja wa gurudumu, upande wa pili unapata ulegevu, na hapo ndipo liva inapofanya kazi. Anayekazana na liva kabla ya kushusha waya anashindana na chuma. Akiona tairi haliji, anaizamisha liva ndani zaidi, ncha inaibana tyubu dhidi ya kingo ya ringi, na akikandamiza tyubu inakatika.

Kwa hiyo liva nzuri ni ile inayoingia kidogo tu, inakamata waya, na inabaki imara bila kuhitaji kuzamishwa. Nimezipanga kwa kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza: nailoni nene yenye ncha pana

Ncha yake inakaribia upana wa kidole gumba na imechongwa hadi ikawa nyembamba, lakini mwili ni mnene. Upana unatawanya nguvu, hivyo haikati mpira wala haikwaruzi ringi ya alumini. Ununue tatu, si mbili, na sababu utaiona kwenye mfano hapa chini. Ukiwa na ndugu anayetoka nje ya nchi, za Schwalbe au Pedro's ni za aina hii na zinadumu. Usipompata, tafuta dukani zinazofanana nazo kwa umbo, bila kuangalia jina.

Ukiwa Mwanjelwa au kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli mjini Iringa, usinunue kwa macho. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba niishike kidogo." Pitisha kidole gumba taratibu kwenye ncha na kwenye kingo zote mbili. Mara nyingi kwenye plastiki hubaki mstari mkali ulioachwa na mashine pale pande mbili za umbo zilipokutana, na mstari huo ndio unaochana tyubu. Ukiwa mdogo, msasa laini unaumaliza nyumbani. Kisha weka ncha kwenye ukingo wa kaunta na ukandamize. Liva nzuri inapinda kidogo na kurudi. Inayobaki imepinda, au inayoweka weupe mahali ilipopinda, itakatikia mkononi mwako. Mwisho angalia ndoano ya mkia: iwe na nafasi ya kuingia spoki bila kuyumba.

Nafasi ya pili: chuma kilichovikwa plastiki

Hii ina kiini cha chuma ndani na nailoni juu. Haikatiki, na kwa tairi nene jipya ni msaada mkubwa. Imeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ncha yake mara nyingi ni nene zaidi, hivyo kuiingiza kwenye tairi linalobana sana ni kazi. Pia plastiki ikimenyeka, chuma kinabaki wazi bila wewe kugundua. Ikague kila mara kabla ya kuitumia, na ikimenyeka iache.

Nafasi ya tatu: chuma kitupu

Hizi ndizo utakazoziona kwa mafundi wengi, na kwa baiskeli kubwa za 28 zenye ringi ya chuma zinafaa. Zipo za aina mbili. Ya kufuliwa ni nene, nzito, na ncha yake imeviringwa. Ya bati lililokunjwa ni nyepesi na kingo zake zinakata. Chukua ya kufuliwa peke yake. Hata hiyo, kabla ya kuitumia ipige tupa ncha nzima, kisha msasa, hadi uipitishe kwenye kitambaa cha nailoni bila kuvuta uzi hata mmoja. Kwenye ringi ya alumini usiitumie kabisa. Itaacha mabonde kwenye kingo, na kama breki zako zinabana ringi, utayahisi kila unapofunga breki kwenye mteremko.

Nafasi ya nne: plastiki nyembamba ya bei rahisi

Hizi zinatosha kwa tairi linalotoka karibu kwa mkono. Kwa linalobana hazifai, na kwa kwetu zaidi, maana asubuhi za Juni na Julai kule Makambako, Njombe na Uyole plastiki hafifu inakakamaa na kukatika ghafla. Ikikatika, kipande chenye meno kinabaki chini ya tairi, juu ya tyubu.

Bisibisi siipi nafasi yoyote. Ncha yake ni nyembamba na ina pembe mbili kali, kwa hiyo inatoboa tyubu hata kwa mkono mwepesi. Ukikwama njiani bila liva, mpini wa kijiko kinene cha chuma, ule wa mviringo usio na ukali, ni afadhali mara mia.

Sasa tuchukue mfano kamili. Baiskeli ya 26 x 1.95, gurudumu la nyuma, ringi ya alumini yenye spoki 36, inayobeba viazi kutoka shambani hadi barabarani. Tairi lina pancha na linabana kiasi kwamba mwenye baiskeli ameshatoboa tyubu mpya wakati wa kulitoa tairi.

Ondoa gurudumu kwenye fremu. Toa upepo wote. Kwa valvu kama ya gari, bonyeza kisindano cha ndani huku unaikandamiza tyubu kwa mkono mwingine hadi usisikie kitu. Kama shina la valvu lina nati inayolishikilia kwenye ringi, ifungue, ili shina liweze kusukumwa juu. Kama ni asubuhi ya baridi, liweke gurudumu juani robo saa, maana mpira uliopata joto unalegea.

Halafu fanya kazi ambayo wengi wanairuka. Laza gurudumu na uminye tairi kwa vidole vya mikono yote miwili, ukisukuma waya wa kila upande kuelekea katikati, kipande kwa kipande, mzunguko mzima. Utasikia ukibanduka kutoka kwenye kingo. Geuza, rudia upande wa pili. Tairi lililokaa muda mrefu kwenye ringi yenye kutu au matope huwa limegandia, kwa hiyo pitisha maji ya sabuni kwenye kingo. Usitumie oili ya injini wala grisi, zinaozesha mpira.

Chagua pa kuanzia: kama shibiri moja kutoka kwenye valvu. Si kwenye valvu yenyewe, utaichana tyubu pale ilipoungana na shina. Na si upande wa mbali, kwa sababu kwenye valvu waya hauwezi kushuka hadi chini ya mfereji, shina na unene wa tyubu vinauzuia. Ukianzia karibu na valvu, upande wote wa mbali unaweza kukaa chini mferejini na kukupa ulegevu. Weka gurudumu tumboni, upande wa mbali ukiwa chini, na uvute tairi kwa viganja kutoka chini kuja juu ili ulegevu wote uje pale unapofanyia kazi.

Sasa ingiza liva ya kwanza. Sukuma tairi kwa kidole gumba hadi uone ukingo wake, telezesha ncha chini ya ukingo huo tu, kiasi cha milimita 5 au 6, basi. Kabla ya kukandamiza, itikise kushoto na kulia. Ikiteleza kavu juu ya waya, uko salama. Ukihisi kitu laini kinachovutika kama mpira wa manati, umeshika tyubu, itoe uanze upya. Kandamiza mkia hadi kwenye spoki na uiachie ndoano ishike.

Liva ya pili iweke spoki mbili pembeni. Kwenye ringi hii spoki zimeachana kama sentimita 5, kwa hiyo ni sentimita 10. Ukienda mbali zaidi utalazimika kutumia nguvu kupita kiasi, ukiwa karibu zaidi hutapata kitu. Kama bado tairi linarudi ndani, weka ya tatu spoki mbili mbele. Ya katikati italegea na kudondoka yenyewe, nawe utaichukua na kuipeleka mbele tena. Ndiyo maana nikasema tatu. Ukingo ukishatoka kama robo ya mzunguko, sehemu iliyobaki hutoka kwa kutelezesha liva au hata kwa kidole.

Tyubu ikitoka, ijaze upepo kidogo uizamishe kwenye beseni. Tundu lililo upande wa nje, unaogusa tairi, ni la mwiba au msumari, tafuta mwenzake kwenye tairi. Mchano mfupi ulionyooka, upande wa ndani au ubavuni, mara nyingi ni wa liva. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka kwa kawaida yametokana na kugonga jiwe ukiwa na upepo kidogo.

Kwenye baiskeli yetu ya viazi, chanzo cha tairi kubana kinaonekana mara tyubu inapotoka. Chini, kufunika vichwa vya spoki, kuna utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, umezungushwa mara mbili. Utepe huo umeujaza mfereji. Waya hauna pa kushuka, na hakuna liva itakayolitoa tairi hilo kwa urahisi. Ubandue, uweke utepe mwembamba wa kitambaa au wa plastiki unaofunika matundu tu. Kabla ya kununua liva za bei, kagua hapo kwanza.

Kurudisha tairi, ijaze tyubu upepo kidogo ili ipate umbo na isijikunje. Anza upande wa mbali na valvu, malizia kwenye valvu, na kipande cha mwisho kisukume kwa viganja. Tyubu nyingi hubanwa hapa, na mtu anailaumu pancha ya zamani. Ukimaliza, sukuma shina la valvu juu mara moja, kisha minya tairi pande zote mbili mzunguko mzima uhakikishe tyubu haijachungulia chini ya ukingo. Ndipo ujaze.

Liva za nailoni zitunze kwenye kifuko, usiziache kwenye kapu la baiskeli zikipigwa jua. Ncha ikianza kuwa nyeupe au kupata pengo, nunua nyingine.